Mlangoni kwa Karani: Neno Lile Lile, Mahali Pawili

Hii ni hotuba juu ya uhuru wa kusema na mipaka yake, niliyoitoa Jumamosi iliyopita hapa Mtwara mbele ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wengi mlikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, wengine mlikwamishwa na mvua, na mkaniomba niiandike yote. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Wahadhiri wenzangu, wanafunzi wangu, wageni wetu, asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni.

Nitaanza na gunia la korosho.

Nilikuwa kidato cha pili, kijijini kwetu kule juu, kwenye uwanda wa Makonde. Msimu ulikuwa umefunguka, na minong'ono ilikuwa imeanza kwamba mzani wa chama cha msingi unakula kilo. Mtu anapima gunia lake nyumbani linasoma kilo 80, akilifikisha ghalani linasoma 78. Kilo mbili si kitu kwa mwenye kuuza tani. Kwa mama mwenye magunia sita, ambaye ndani ya magunia hayo kuna sare za shule na mchango wa msiba, ni kitu kikubwa sana.

Jumatatu, siku ya mkutano wa wanachama, chini ya mwembe mbele ya ghala, mzee mmoja jirani yetu akasimama. Karani alikuwa pale pale mezani na daftari lake. Mzee akamnyooshea mkono, akasema: "Karani huyu anatuibia kwenye mzani."

Maneno matano. Uwanja mzima ukanyamaza. Karani akainuka, akajibu. Akasema korosho zinakuja na unyevu, zinakauka njiani, watu wasimsingizie. Mzee akamjibu kwamba kutoka kwake hadi ghalani ni mwendo wa robo saa, unyevu gani huo unaokauka kwa robo saa? Watu wakacheka, karani akakasirika, mwenyekiti akapiga meza. Mwishowe ikaamuliwa uletwe mzani wa chama cha kijiji jirani, gunia moja lipimwe kwenye mizani yote miwili mbele ya watu. Ikapangwa Alhamisi.

Jumatano usiku, mzani haujafika. Malipo nayo yamechelewa. Watu walikuwa wametoka kunywa uraka, na vijana kama 30 wakajikuta wamesimama mbele ya nyumba ya karani. Wachache walikuwa na mapanga. Mmoja alikuwa na kidumu cha mafuta ya taa. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimejibanza kwenye mkorosho, maana mtoto hapitwi na kelele. Yule mzee akafika. Akapanda juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa uani, akasema: "Karani huyu anatuibia kwenye mzani."

Hakuongeza neno. Hakusema choma. Hakusema piga. Alirudia maneno yake matano ya mkutanoni, hata sauti haikuwa kubwa zaidi. Kabla hajashuka kwenye kinu, jiko la nyasi la karani lilikuwa linawaka. Na ndani ya lile jiko alikuwa amelala mama yake karani, bibi wa watu, kwa sababu uwanda ule una baridi na wazee hupenda kulala karibu na mafiga. Walimtoa. Ngozi ya mkono wake wa kulia ilikuwa imeungua hadi kwenye kiwiko. Ile harufu ya nyasi iliyochanganyika na mafuta ya taa ninaweza kuinusa hata nikiwa nimesimama hapa.

Alhamisi mzani ukaletwa. Gunia likapimwa kwenye mizani yote miwili, watu wakiwa wamelizunguka. Tofauti ilikuwa kilo mbili kamili. Mzee alikuwa anasema kweli.

Sasa, wanafunzi wangu, naomba mlishike swali hili mpaka tutakapomaliza. Mtu ni yule yule. Maneno ni yale yale, na ni ya kweli mara zote mbili. Je, kuna mahali serikali, au kijiji, au sheria, ingekuwa na haki ya kumwambia mzee wetu: hapa nyamaza? Kama papo, ni wapi, na kwa nini pale na si kwingine?

Mwaka 1859 Mwingereza mmoja, John Stuart Mill, alichapisha kijitabu juu ya uhuru, na ndani yake kuna mfano unaofanana na kisa changu kwa kiasi cha kushangaza. Uingereza ya ujana wake ilikuwa na sheria za nafaka, zilizodumu tangu 1815 hadi 1846, ambazo ziliweka ushuru kwa nafaka ya kutoka nje na kupandisha bei ya mkate. Maskini walipokuwa na njaa, aliyekuwa karibu wa kulaumiwa ni mfanyabiashara wa nafaka. Mill akasema hivi: maoni kwamba wafanyabiashara wa nafaka wanawaua maskini kwa njaa, au kwamba mali binafsi ni wizi, yaachwe yasambae magazetini bila kuguswa. Lakini maoni hayo hayo yakitamkwa mbele ya umati uliochemka, uliokusanyika mlangoni kwa mfanyabiashara wa nafaka, aliyeyatamka anaweza kuadhibiwa kwa haki. Akaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: hata kama hakusema kwa mdomo, bali amegawa bango lililoandikwa kwa umati huo huo, ni sawa.

Kwa nini aliongeza lile bango? Kwa sababu hakutaka mtu adhani tofauti ni ya karatasi na mdomo. Wala tofauti si ya ukweli na uongo. Kwa Mill, neno halina cheo cha kudumu. Hakuna orodha ya sentensi halali na sentensi haramu. Neno moja hubadilika kutokana na mahali linapoangukia, kama kijiti cha kiberiti kwenye maji na kijiti hicho hicho kwenye nyasi kavu.

Hiyo ndiyo kanuni ya madhara ikitumika kwenye usemi. Kanuni yenyewe ni fupi: jamii ina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa sababu moja tu, kuzuia asiwadhuru wengine. Si kwa ajili ya faida yake mwenyewe, wala ili awe mwema, wala kwa sababu wengi hawampendi.

Lakini msiikimbilie. Watu wengi huisoma kanuni hii kinyumenyume. Hudhani imesema: kila chenye madhara kwa wengine kizuiwe. Haikusema hivyo. Imesema bila madhara hamna ruhusa hata ya kuanza kufikiria kuzuia. Madhara yanakufungulia mlango wa swali, hayakupi jibu. Mill mwenyewe alitoa mfano wa mtihani wa ushindani: anayefaulu amewaumiza walioshindwa, na hakuna mwenye akili anayesema azuiwe. Fikirini usaili wa ajira, mnakwenda watu 300 kwa nafasi mbili. Wale wawili wanaopata wamewaletea 298 hasara ya kweli kabisa. Je, tuwakamate? Hatuwakamati, kwa sababu jamii ambayo watu wake hawashindani ingeumia zaidi.

Sasa mrudisheni mzee wetu chini ya mwembe. Siku ile ya mkutano, karani aliumia. Jina lake lilichafuka mbele ya majirani, mke wake alilia, watoto wake walitaniwa shuleni. Mmoja nilikuwa nasoma naye. Yalikuwa madhara, tusiyadharau. Lakini yalikuwa madhara ya aina ile ya mtihani: gharama ya kuwa na chama ambacho mkulima anaweza kumuuliza karani kuhusu kilo zake. Ukiyazuia yale, umelinda mzani unaoibia.

Hapa niwaonye juu ya maneno mawili yanayofanana masikioni: kuudhi na kudhuru. Lugha yetu imeyaweka karibu sana, na wenye madaraka wamezoea kutelezea hapo hapo. Mtu anasema "umenidhuru" akimaanisha "umeniudhi."

Mwaka 1958, Julius Nyerere alishtakiwa na serikali ya kikoloni kwa makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU, akiwashutumu maofisa wa wilaya wa Kiingereza. Shtaka lilikuwa kashfa ya jinai. Akatiwa hatiani, akapewa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Jiulizeni: makala ile ilimdhuru nani? Kulikuwa na umati uliochemka mlangoni kwa ofisa wa wilaya? Hakukuwa na umati. Kulikuwa na wino na wasomaji. Maofisa wale walikuwa na ofisi, redio, karatasi, na serikali nzima ya kuwajibia. Waliudhika. Na sheria ikayageuza maudhi ya mtawala kuwa kosa la jinai la mtawaliwa.

Nyerere alikuwa amemsoma Mill alipokuwa mwanafunzi. Lakini kwenye kijitabu kile kile kuna kurasa ambazo Mwafrika hapaswi kuzisoma haraka. Mill aliandika kwamba kanuni yake haiwahusu watoto, wala haizihusu jamii ambazo bado ni changa, na kwamba kuwatawala watu wa jamii hizo kimabavu ni halali kama lengo ni kuwaendeleza. Hakuandika hayo kwa bahati mbaya. Aliifanyia kazi Kampuni ya India Mashariki, iliyokuwa inaitawala India, kwa miaka 35, tangu 1823 hadi 1858. Kwa maandishi yake, babu zenu wa Umatumbi, hapa jirani mkoani Lindi, ambako Vita ya Majimaji ilianza 1905, hawakustahili kanuni hii. Mimi siitupi kanuni kwa sababu hiyo. Nasema ua alioujenga kuizunguka ulikuwa wa dhuluma, na hoja zake zenyewe zinaubomoa: kama mtawala anaweza kukosea London, anaweza kukosea Kilwa, na pa kumkosoa ni pale pale anapotawala.

Tuendelee. Nataka tukae kidogo kwenye neno moja la Kiswahili: uchochezi.

Nani hapa hajawahi kukoka moto wa kuni? Kuchochea ni kuzisogeza kuni ndani ili moto ushike zaidi. Huwezi kuchochea majivu baridi. Huwezi kuchochea kuni zilizopangwa ghalani. Mchochezi anahitaji moto uliokwisha kuwaka. Hekima yote ya Mill kuhusu mlango wa mfanyabiashara wa nafaka imo ndani ya kitenzi hicho: umati uliochemka ndio moto, neno ndilo kuni.

Sasa angalieni kilichotokea kwenye sheria. Sheria ya Kiingereza tuliyorithi ina makosa mawili tofauti. Moja ni kuwahamasisha watu watende kosa, mfano wamchome mtu. Jingine ni kuamsha chuki au dharau dhidi ya serikali. Ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Lakini kwa Kiswahili cha mahakamani na magazetini vyote viwili tumeviita uchochezi. Yule aliyesimama juu ya kinu mbele ya nyasi kavu ni mchochezi, na mwandishi aliyeandika kwamba serikali imeshindwa kazi naye ni mchochezi. Neno limetandazwa mpaka likafunika watu ambao hawajakaribia moto wowote.

Wengine mtaniambia: mwalimu, mbona hata Wamarekani wanasema huruhusiwi kupiga kelele za "moto!" katika ukumbi uliojaa watu? Naam, mfano huo ulitolewa na Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1919. Lakini je, mnajua kesi ilimhusu nani? Ilimhusu Charles Schenck, kiongozi wa chama cha kisoshalisti kule Philadelphia, aliyesambaza vipeperushi vya kupinga watu kulazimishwa kujiunga na jeshi. Hakukuwa na ukumbi wala moto. Kulikuwa na karatasi zilizosema sera ya serikali ni mbaya, na mfano mzuri wa moto ukatumika kuthibitisha kifungo cha mtu aliyeandika. Ilichukua hadi 1969 kwa mahakama hiyo kusogea karibu na mlango wa Mill, iliposema kwamba serikali haiwezi kuadhibu hata utetezi wa vurugu, isipokuwa umelenga kuzua uvunjaji wa sheria wa papo hapo na unaelekea kweli kuuzua.

Papo hapo. Kwa nini papo hapo? Kwa nini dakika ziwe na maana kubwa hivyo?

Jibu ninalolipenda kuliko yote lilitolewa na Jaji Louis Brandeis wa mahakama hiyo hiyo mwaka 1927. Alisema, kwa maneno yangu: kama bado kuna muda wa kuufichua uongo kwa majadiliano, dawa ni kusema zaidi, si kunyamazisha. Hilo ndilo ninalotaka mtoke nalo mkalijadili, na ndilo linaloufungua mlango wa karani. Chini ya mwembe, karani alijibu. Alijibu vibaya, lakini alijibu, na mzee akamjibu tena, na majibizano yao ndiyo yaliyozaa uamuzi wa kuleta mzani wa pili. Pale uani usiku, nani angejibu? Karani alikuwa amejifungia ndani. Angetoka akaanza kueleza unyevu wa korosho kwa watu wenye kidumu cha mafuta ya taa? Neno la mzee halikuwa tena hoja inayongoja hoja. Lilipita moja kwa moja kwenye mikono ya watu.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: kati ya neno na madhara, je, bado ipo nafasi ya kujibu? Ikiwapo, sheria ikae mbali, hata neno likiwa chungu, hata likiwa la uongo. Isipokuwapo, na madhara yenyewe ni ya mwili au mali au haki ya mtu, sheria ina haki ya kuingia.

Katiba yetu ina ibara mbili zinazohusika hapa. Ibara ya 18 inatoa uhuru wa maoni, na Ibara ya 30 inaruhusu mipaka kwa ajili ya haki za wengine na maslahi ya umma. Wanasiasa huisoma ya 30 kana kwamba inaifuta ya 18. Mahakama ya Rufani haikuisoma hivyo. Katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, mwaka 1993, ilisema sheria inayobana haki haitasimama kama inampa mtawala nafasi ya kuamua apendavyo, na mbano wenyewe usizidi kile kinacholazimika ili kulifikia lengo halali. Kisha mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilipima vifungu vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya uchochezi dhidi ya serikali, kashfa ya jinai na habari za uongo, ikavikuta vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Someni hukumu zote mbili. Zinasomeka.

Binti uliyekaa karibu na mlango unatikisa kichwa, na nadhani najua kwa nini. Unataka kuniuliza juu ya sumu ya polepole. Maneno ambayo hayachomi nyumba leo, lakini yanasemwa kila siku, mwaka mzima, mpaka siku ya kuchoma ikifika hakuna anayeona ubaya. Je, kipimo cha papo hapo hakiyaachi hayo yapite?

Ni pingamizi zito kuliko yote, na halikuishia vitabuni. Lilijadiliwa Arusha, katika nchi yetu.

Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Rwanda mwezi Julai 1993. Kwa miezi ilikuwa inapanda chuki dhidi ya Watutsi kwa vichekesho, muziki, na maneno ya kuwafananisha na wadudu. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ikaangushwa, mauaji yakaanza, na redio hiyo ikawa inataja watu kwa majina na mahali walipojificha. Waanzilishi wake wakaja kushtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha. Mwaka 2003 walitiwa hatiani. Mwaka 2007 majaji wa rufaa wakarudi kwenye matangazo yale na kuyagawa kwa tarehe. Yale ya kabla ya tarehe 6 Aprili, walisema, yalichochea chuki ya kikabila, lakini haikuthibitika kwamba yalikuwa wito wa moja kwa moja wa kuua kimbari. Yale ya baadaye ndiyo yaliyokuwa wito huo.

Niliposoma hukumu ile mara ya kwanza niliikasirikia. Mtu aliyeleta kuni miezi tisa, wewe unamhesabia tangu siku moto ulipowaka tu? Nimeisoma tena mara nyingi, na leo nadhani majaji walikuwa sahihi juu ya kosa lile moja, la wito wa kuua kimbari, kwa sababu ukiruhusu jinai hiyo imshike kila mwenye maneno ya chuki, serikali ya kwanza kuitumia itakuwa ile yenye maadui wengi. Lakini sikubali kwamba kabla ya tarehe 6 hapakuwa na la kufanya. Na hapa kipimo cha nafasi ya kujibu kinasema jambo ambalo saa peke yake haiwezi kulisema.

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili, Waziri Mkuu wa Rwanda, Agathe Uwilingiyimana, alikusudia kwenda redioni kulihutubia taifa. Askari kumi wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa walitumwa wamsindikize. Hakufika. Wanajeshi walimuua asubuhi ile, na wale askari kumi wakauawa pia. RTLM ikaendelea kutangaza, na sauti ambayo ingeijibu ilikuwa imezimwa kwa risasi.

Mnaliona? Nafasi ya kujibu haipimwi kwa dakika peke yake. Inaweza kuzibwa polepole, wiki kwa wiki: wanaojibu wanatishwa, gazeti la upande wa pili linafungwa, masafa anapewa mmoja. Sumu ya polepole hushinda pale ambapo dawa yake imekatazwa. Kwa hiyo, binti yangu, jibu langu kwako si kwamba sumu ya polepole haidhuru. Inadhuru. Lakini kabla ya kuomba sheria ya kumnyamazisha anayeitoa, uliza nani amezuiwa kumjibu, na anza kwa kumfungulia huyo. Ukianza na kunyamazisha, umempa mtu yule yule aliyefunga gazeti la pili ufunguo wa kulifunga na la kwanza.

Bado kipimo changu kina mahali kinapolegea, na ninawaonyesha ili mkipige nyundo hapo.

Chukueni usiku ule wa Jumatano, mkitoe kinu, muweke simu. Mzee yuko kwake, kitandani. Anaandika kwenye kundi la wasap la wakulima lenye watu 250: "Karani huyu anatuibia kwenye mzani." Wengi wanausoma ujumbe wakiwa nyumbani, mmoja Dar, mmoja Masasi. Kwao ni mkutano wa chini ya mwembe; kila mmoja anaweza kujibu. Lakini 20 kati yao wamesimama muda huo huo uani kwa karani, simu mkononi, na mwanga wake usoni. Kwao ni bango la Mill. Ujumbe mmoja, kwa wakati mmoja, uko mahali pote pawili. Je, mzee alijua kuna watu uani? Kama hakujua, mchochezi ni yeye, au ni yule kijana aliyeusoma kwa sauti mbele ya wenzake? Na kama alijua, je, wale 230 wengine wanyimwe habari ya kweli kuhusu kilo zao kwa sababu ya wale 20? Mimi naelekea kusema kosa liko kwa anayejua hali ya mlangoni na bado anatuma, na kwa anayeusoma ujumbe pale uani. Lakini kuthibitisha kwamba mtu alijua ni kazi ngumu, na polisi wakipewa mamlaka ya kukisia nani alijua, tumerudi 1958.

Mtauliza kijijini walifanyaje. Serikali ya kijiji ilikaa siku mbili. Mzee akaamriwa ajenge jiko jipya na alipe gharama za hospitali za yule bibi, na alilipa kwa magunia yake mwenyewe. Wajumbe wawili walitaka alipe pia kwa kumvunjia karani heshima kwenye mkutano. Mtendaji akakataa. Alisema lile la mkutanoni halimo kwenye shauri. Karani akaondolewa, na mzani ukabadilishwa kabla ya mnada wa pili.

Mtendaji yule hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa Mill. Nadhani alitenganisha Jumatatu na Jumatano vizuri kuliko mahakimu wengi niliowasoma. Ila hakuwa na simu ya kumsumbua, na ninyi mnayo. Naomba maswali yaanzie kwenye lile kundi la wasap. Binti wa mlangoni, karibu kipaza sauti.